Anayekaa Mapokezi Anafanya Kazi Gani Hasa?

Matangazo mengi ya kazi ya mapokezi katika kliniki huishia kwenye sifa: awe mchangamfu, nadhifu, anayejua kompyuta. Anayeajiriwa kwa tangazo la namna hiyo hujifunza kazi kwa kukosea, na makosa ya mapokezi humwangukia mgonjwa. Maelezo ya kazi yaliyoandikwa vizuri hutaja matendo, na ya mapokezi ni matatu: kusajili, kupanga foleni na kutunza siri.

Tuanze na usajili. Tuseme amefika mama aitwaye Asha Juma Ali, na kompyuta inaonyesha watatu wenye jina hilo. Mhudumu akiona uvivu kutafuta akamfungulia faili jipya, yaliyoandikwa zamani, mathalani kwamba sindano ya penisilini ilimvimbisha midomo, hayatamfikia daktari. Akichukua faili la Asha mwingine, hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa daktari atasoma maradhi ya mtu asiye mbele yake.

Kwa hiyo maelezo ya kazi yaseme wazi: tafuta faili la zamani kwanza, kisha linganisha jina na angalau mambo mengine mawili, kama tarehe ya kuzaliwa na namba ya kadi ya bima. Simu peke yake haitoshi, maana nyumba nzima huweza kutumia namba moja. Tarehe nayo ina kasoro yake, kwani wazee wengi hukadiria mwaka tu. Hapo mtaa anaokaa au jina la ndugu wa karibu husaidia. Namna ya kuuliza pia ina uzito. “Mama, ulizaliwa lini?” humfanya ataje mwenyewe. “Ulizaliwa mwaka 1988, sivyo?” huitikiwa “ndiyo” na mtu mwenye homa ambaye hata hakusikia vizuri.

Jukumu la pili ni foleni. Aliyetangulia kufika hutangulia kuonwa, lakini kanuni hiyo ina mpaka. Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila anachopewa, aliyepata degedege au aliyelegea asiamke, hasubiri namba. Vivyo hivyo mtu mzima anayehema kwa shida au mwanamke mjamzito anayetokwa damu. Mhudumu wa mapokezi si muuguzi, wala hatakiwi kutaja ugonjwa. Wajibu wake ni kuzijua dalili hizo, kumwita muuguzi papo hapo na kuacha usajili ufanyike baadaye.

Ugomvi mwingi wa foleni, hata hivyo, huzuka kwa wanaorudi na majibu ya maabara. Wao huona zamu yao ilishafika. Aliyekaa benchi tangu asubuhi huona amerukwa. Kliniki iamue utaratibu, kwa mfano mmoja wa majibu baada ya kila wagonjwa wapya wawili, iubandike ukutani, na mhudumu aufuate hata kwa jirani yake. Jioni alinganishe idadi ya waliosajiliwa na ya walioonwa na daktari. Pengo kati ya hizo mbili ni watu walioondoka bila huduma, au faili zilizopotea njiani.

Siri ndiyo jukumu linalovunjwa bila mtu kukusudia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayozihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inataka majibu ya kipimo cha VVU yawe siri. Lakini mapokezi siri hutoka kwa njia ndogo: daftari lililoachwa wazi mezani, kioo cha kompyuta kinachotazama benchi, au sauti inayouliza “Umekuja kwa tatizo gani?” mbele ya watu kumi. Mgonjwa aitwe kwa namba, na sababu ya kuja aieleze ndani kwa muuguzi.

Simu ndiyo mtego mkubwa. Mwanamume anapiga: “Dada, majibu ya mke wangu yametoka?” Jibu sahihi ni kwamba kliniki haizungumzi habari za mgonjwa yeyote kwa simu, na mgonjwa mwenyewe anakaribishwa kuja. Kusema “bado hayajatoka” tayari kumethibitisha kwamba mke alikuja na kwamba alipimwa.

Mwajiri naye ana sehemu yake. Hawezi kudai siri huku dirisha la mapokezi likigusana na benchi. Asogeze viti, ageuze kioo, atoe kabati lenye kufuli. Na siku ya usaili, amuulize mwombaji angemjibuje mume yule.