Mzigo uko stoo, lakini ni wa nani?

Kiwanda cha kusaga unga kimeletewa beringi 50 na msambazaji, kila moja shilingi 40,000, kwa makubaliano ya mali kauli: zikae stoo, na kitakachotumika ndicho kitakacholipiwa. Mtunza stoo anazipokea na kuzipanga rafuni. Je, kiwanda sasa kina deni la shilingi 2,000,000?

Hakina. Katika mfumo wa SAP, ambao ni aina mojawapo ya ERP, oda hiyo huandikwa kwa alama `K`. Mapokezi yanapoingizwa, stoo inaonyesha beringi 50, ila uhasibu hauguswi: thamani ni sifuri na hakuna deni, kwa kuwa mwenye mali bado ni msambazaji.

Mambo hubadilika fundi anapochukua beringi 6. Utoaji ukiingizwa kwa `201 K`, papo hapo gharama za matengenezo hupanda kwa shilingi 240,000, na deni la msambazaji hupanda kwa kiasi hicho hicho. Mwisho wa mwezi kiwanda chenyewe hukokotoa malipo kupitia `MRKO`, bila kungoja ankara. Beringi 44 zilizobaki si zake.

Udhaifu uko kwa fundi anayechukua usiku bila kuandika. Hesabu ya rafuni ikitoa beringi 41 huku mfumo ukisema 44, shilingi 120,000 za deni zimefichika, na mara nyingi msambazaji ndiye anayegundua kwanza anapokuja kujaza rafu. Kosa la upande wa pili ni kusahau `K` kwenye oda: stoo huvimba kwa shilingi 2,000,000, na deni ambalo halijaiva huingia vitabuni.

Kuna biashara nyingine ambayo mzigo haufiki stoo kabisa. Duka linauza pampu ya maji, kisha linamwagiza msambazaji aipeleke moja kwa moja kwa mteja. Oda ya mteja huzaa ombi la manunuzi, na idadi ya bidhaa za duka haisogei. Katika mpangilio wa kawaida, gharama na deni huingia ankara ya msambazaji inaposajiliwa kwenye `MIRO`.

Hapo tarehe ndizo zinazosumbua. Tuseme duka linafunga mwaka Juni 30. Pampu imemfikia mteja Juni 29, ankara imekuja Julai 4. Deni ni la Juni, ingawa mfumo unaosubiri ankara utaliandika Julai. Dawa yake ni kuingiza mapokezi ya mzigo pale mteja anapothibitisha, mfumo ukiwa umepangwa kuyapa thamani, ili gharama isimame mwezi mmoja na mauzo.

Suala la umiliki halimaliziki kwenye mfumo, linaamuliwa na mkataba. Kiwango cha IFRS 15 kinauliza kama duka liliidhibiti pampu kabla haijamfikia mteja: ni nani anayewajibika ikiwa mbovu, na nani anapanga bei? Ikiwa duka ni wakala tu, mapato yake ni kamisheni, si bei nzima ya pampu.