Kwa Nini Maji Hujaa Mita 4 Unguja na Mita 16 Kanada

Wakati wa bamvua, wanawake wanaolima mwani Paje na Jambiani, kusini mashariki mwa Unguja, huingia shambani asubuhi. Maji hupwa kabisa karibu saa nne na kuuacha mchanga wazi mbali sana na ufuko, kisha hurudi na kujaa karibu saa kumi alasiri. Kati ya kupwa na kujaa kuna tofauti ya karibu mita 4. Wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, tofauti hiyo hubaki kama mita 1 tu, na kazi ya mwani husimama.

Watu wa pwani wanajua tangu zamani kwamba bamvua huandamana na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Sababu yake ni kwamba uvutano hupungua kadiri umbali unavyoongezeka. Maji ya upande unaoutazama mwezi yako karibu nao kuliko kitovu cha dunia, kwa hiyo huvutwa zaidi kidogo. Maji ya upande wa pili huvutwa kidogo kuliko dunia yenyewe, nayo huachwa nyuma. Ndiyo maana maji hutuna pande zote mbili, na ndiyo maana tunajaliwa mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Dunia ikijizungusha huku mwezi nao ukisogea, kati ya kujaa na kujaa hupita saa 12 na dakika 25. Jua hufanya kazi hiyohiyo kwa nguvu isiyofikia nusu ya ile ya mwezi: vikiwa kwenye mstari mmoja na dunia tunapata bamvua, vikivuta kwa pembe tunapata maji mafu.

Maelezo mengi ya shuleni huishia hapo, na hapo ndipo mambo yanapoanza kunoga. Ukipiga hesabu, mwezi peke yake ungeyapandisha maji ya bahari kuu kwa karibu nusu mita tu. Hizo mita 4 za Unguja zimetoka wapi? Tena, mwezi mpevu huwa juu kabisa angani karibu saa sita usiku, lakini siku za bamvua maji ya Unguja hujaa karibu saa kumi alfajiri.

Ni kwamba maji hayawezi kuufuata mwezi. Kwenye ikweta dunia hujizungusha kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa, ilhali katika bahari yenye kina cha kilomita 4 wimbi refu kama hili haliwezi kupita kilomita 700 na kidogo kwa saa. Isitoshe, mabara yamekaa njiani. Kwa hiyo kila bahari huyumba kwa namna yake, kulingana na umbo na kina chake, mwezi ukiisukuma kila baada ya saa 12 na dakika 25.

Wimbi hilo likifika penye kina kifupi hupunguza mwendo, maji hurundikana na kupanda. Pale Beira, Msumbiji, bahari ni ya kina kifupi kwa masafa marefu kutoka ufukoni, na tofauti ya bamvua hupita mita 6. Mombasa, ambako kilindi kiko karibu na ufuko, haifiki huko.

Lakini kina kifupi pekee hakielezi Ghuba ya Fundy, mashariki mwa Kanada. Huko Burntcoat Head, ndani kabisa ya ghuba, tofauti hufikia mita 16, kimo cha jengo la ghorofa tano, na boti zilizokuwa zikielea gatini hulala juu ya matope saa sita baadaye. Ghuba hiyo inazidi kuwa nyembamba kadiri unavyoingia, na hilo linasaidia. Kubwa zaidi ni muda wake. Ukibeba karai la maji, maji yana muda wake wa kwenda na kurudi; hatua zako zikioana na muda huo, yanamwagika. Fundy, pamoja na Ghuba ya Maine iliyo mlangoni mwake, ina muda wa karibu saa 13. Msukumo wa bahari kuu huja kila baada ya saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kila msukumo hukuta maji yakielekea kulekule, na huyaongezea. Yanayoyazuia yasizidi kupanda ni msuguano wa sakafu ya ghuba.

Wataalamu waliopiga hesabu za bwawa la umeme huko waliona jambo la ajabu. Kuziba sehemu ya ndani kungeifupisha ghuba, na muda wake ungesogelea zaidi ule wa mwezi. Maji yangejaa zaidi hadi Boston, Marekani, mamia ya kilomita kutoka kwenye bwawa lenyewe.