Mche wa Sabuni Umegharimu Kiasi Gani?

Tuchukue karakana ya sabuni za miche. Mwezi ulianza na mafuta na kostiki za shilingi 400,000, zikanunuliwa za 2,100,000, zikabaki za 500,000. Zilizotumika ni 2,000,000. Ongeza ujira wa wachanganyaji na wakataji, 800,000, upate gharama ya awali: 2,800,000.

Kodi ya karakana, umeme na mshahara wa msimamizi, ambavyo huwezi kuvipachika kwenye mche mmoja, ni 700,000. Jumla 3,500,000. Lakini thamani ya sabuni ambayo haijakamilika imezidi ya mwanzoni kwa 100,000, basi iliyokamilika imegharimu 3,400,000. Kiasi hicho huingia kwenye hesabu ya biashara, mahali ambapo mwenye duka angeandika manunuzi.

Mshahara wa muuzaji usiuchomeke humu: sabuni zisizouzwa zitathaminiwa kupita kiasi, na faida itavimba bure.