Mtihani wa udereva Kenya: Nani apite kwanza kwenye makutano ya barabara?

Je, unajiandaa kwa mtihani wa udereva hapa Kenya? Mtahini wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA) atakuuliza alama za barabarani, kisha atakupeleka kwenye ubao wa mji wa mfano, ule uliochorwa barabara, mizunguko na njia panda. Utapewa kigari kidogo, utaambiwa unatoka wapi na unaenda wapi, na utatakiwa kueleza kila hatua. Maswali ya makutano ndiyo yanayowachanganya wengi, hasa ndugu zetu waliojifunza kuendesha Kongo, Burundi au Rwanda, ambako magari hupita mkono wa kulia. Kenya, kama Uganda na Tanzania, magari hupita mkono wa kushoto.

Makala haya hayakupi orodha ya majibu ya kukariri. Yanakuonyesha jinsi ya kufikiri, ili swali likibadilishwa kidogo bado uweze kulijibu.

Kwanza, uliza: nani anaamuru hapa?

Kabla ya kufikiria kulia au kushoto, angalia ni kitu gani kinachotawala makutano hayo. Kuna ngazi nne, na ya juu hufuta zilizo chini yake. Mpangilio huu pia umo katika Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani.

1. Polisi wa trafiki. Akikuonyesha upite, unapita hata kama taa ni nyekundu. Akikusimamisha, unasimama hata kama taa ni ya kijani.
2. Taa za trafiki. Zikiwa zinafanya kazi, hufuata taa na si kibao cha kupisha kilicho karibu nazo.
3. Vibao na mistari ya barabarani. Pembetatu iliyogeuzwa, ncha ikiwa chini, inakutaka umpishe aliye kwenye barabara unayoingia. Kibao chekundu chenye pembe nane kinakutaka usimame kabisa, magurudumu yasizunguke, hata kama huoni gari lolote.
4. Kanuni ya kawaida. Hii hutumika tu pale ambapo hakuna polisi, taa wala kibao.

Watu wengi hukosea kwa sababu huruka moja kwa moja hadi ngazi ya nne. Huona gari upande wa kulia na kusema "nampisha", kumbe mchoro una kibao kidogo kinachosema vingine. Kwa hiyo shuka ngazi moja moja. Ukipata jibu kwenye ngazi ya juu, simama hapo.

Pili, kanuni ya kawaida ina sehemu tatu

Sehemu ya kwanza: barabara ndogo humpisha aliye kwenye barabara kubwa. Ukitoka kwenye njia ya murram ya Kalobeyei na kuingia barabara kuu ya Lodwar kwenda Lokichoggio, wewe ndiye wa kusubiri, gari litoke kulia au kushoto. Ndivyo ilivyo pia kwa anayetoka uwanjani, kwenye kituo cha mafuta au kwenye lango la nyumba.

Sehemu ya pili: kama barabara ni sawa kwa ukubwa na hakuna alama, unampisha anayetoka kulia kwako. Sababu yake inaonekana ukichora. Tunapopita kushoto, gari linalotoka kulia linapita kwenye nusu ya barabara iliyo karibu nawe, kwa hiyo ndilo la kwanza unaloweza kugongana nalo. Linalotoka kushoto liko kwenye nusu ya mbali.

Sehemu ya tatu: anayekata kona na kuvuka njia ya wanaokuja mbele yake, ndiye anayesubiri. Kenya, kona hiyo ni ya kulia. Ukikata kushoto unafuata ukingo wako na huvuki mtu.

Sehemu hii ya tatu ndiyo inayogeuka ukivuka mpaka. Kongo na Burundi, kona ya kulia ndiyo rahisi na kona ya kushoto ndiyo inayosubiri. Kwa hiyo usikariri "kulia" au "kushoto". Kariri swali hili: je, kona yangu inavuka njia ya anayekuja mbele?

Mfano: magari matatu kwenye njia panda

Chukua kijiti, chora msalaba kwenye vumbi, kisha uweke mawe matatu. Barabara zote nne ni sawa, hakuna kibao, taa wala polisi. Magari yote yanapita kushoto.

Wewe uko chini ya mchoro ukitaka kukata kulia. Matatu iko juu, inakuja kuelekea kwako, na inaenda moja kwa moja. Bodaboda iko upande wako wa kulia, nayo inaenda moja kwa moja. Wote mmefika pamoja. Nani wa kwanza, nani wa mwisho?

Mshike kila mmoja peke yake na umuulize: kulia kwako kuna nani, na kona yako inamvuka nani?

Anza na wewe. Kulia kwako kuna bodaboda, kwa hiyo unampisha. Pia unakata kulia na kuvuka njia ya matatu, kwa hiyo unaipisha nayo. Unawasubiri wawili.

Sasa bodaboda. Ingia kichwani mwa mwendeshaji wake, angalia anakoelekea yeye. Kulia kwake kuna matatu. Anaipisha.

Mwisho matatu. Kulia kwake hakuna mtu, na haikati kona. Haimsubiri yeyote.

Jibu: matatu kwanza, bodaboda pili, wewe mwisho.

Kosa la kawaida hapa ni kutumia mkono wako mwenyewe kupima kulia kwa kila gari. Kwako wewe uliye chini ya mchoro, matatu iko mbele. Lakini kwa bodaboda iko kulia. Ukiwa kwenye ubao wa mtahini, zungusha kichwa au ujiweke nyuma ya kigari unachokizungumzia, ndipo useme kulia ni wapi.

Mchoro uleule, kibao kimeongezwa

Sasa weka pembetatu ya kupisha kwenye barabara yako na kwenye barabara ya matatu. Bodaboda haina kibao. Ngazi ya tatu imeamua: wewe na matatu mnampisha bodaboda, ingawa kwa kanuni ya kulia bodaboda ndiye angesubiri matatu.

Bodaboda akishapita, mmebaki wawili wenye kibao kilekile. Kibao hakiwezi kuamua kati yenu, kwa hiyo mnarudi ngazi ya nne. Wewe unakata kulia na kuvuka njia ya matatu, hivyo matatu inapita kabla yako. Jibu sasa ni bodaboda, matatu, wewe.

Kwa waliojifunza Kongo, jaribu pia mchoro wa kwanza huku magari yote yakipita kulia. Utaona ajabu moja: wewe uliyekuwa wa mwisho huna unayemgonga. Kona yako ya kulia inafuata ukingo, na njia za matatu na bodaboda haziigusi. Mawe yako palepale, ila upande wa kuendesha umebadilika na jibu limebadilika nao. Ndiyo maana dereva mzoefu kutoka Bukavu au Uvira anaweza kukosea swali ambalo kijana anayeanza hapa analipata.

Mzunguko

Kwenye mzunguko wa Kenya magari huzunguka kama mishale ya saa. Hivyo, unapotaka kuingia, walio ndani wanakujia kutoka kulia. Kanuni ni moja: mpishe anayetoka kulia, yaani aliye tayari ndani.

Kongo na Burundi magari huzunguka upande wa pili, na aliye ndani humjia anayeingia kutoka kushoto. Kwa kanuni ya kulia peke yake, aliye ndani ndiye angempisha anayeingia, isipokuwa kibao kiseme vingine. Ukiulizwa Kenya, usilete jibu hilo.

Majibu matatu ya kuepuka

"Aliyefika kwanza apite kwanza." Watu hufanya hivyo barabarani, lakini kwenye mchoro hakuna saa. Ukijibu hivi, hujatumia ngazi hata moja.

"Gari kubwa lina haki." Lori, matatu na bodaboda zina kanuni ileile. Gari linalobadilisha hesabu ni ambulensi, zimamoto au polisi akiwa na king'ora na taa zinazomweka. Hilo unalipisha.

"Taa ni ya kijani, naingia." Taa ya kijani inakuruhusu kuingia tu kama unaweza kutoka upande wa pili. Foleni ikiwa imesimama mbele, unabaki nyuma ya mstari ili usiyafunge makutano. Na ukikata kona kwa taa ya kijani, unawapisha watembea kwa miguu wanaovuka barabara unayoingia.

Kumbuka pia kwamba sheria hueleza nani lazima apishe. Kama mwingine amekataa kupisha na wewe ukaendelea kwa kuwa "haki ni yangu", mtahini atakuhesabia kosa.

Jipime

Barabara yako inaishia kwenye barabara nyingine, umbo la herufi T. Hakuna kibao. Unataka kukata kulia. Kwenye barabara ya juu, lori linatoka kushoto kwako likienda moja kwa moja. Pikipiki inatoka kulia kwako na inakata kushoto kuingia barabara yako. Nani anasubiri?

Jibu: wewe peke yako. Barabara yako ndiyo inayoishia, kwa hiyo unawapisha wote wawili. Pikipiki inafuata ukingo wake na haivuki njia ya lori, hivyo hao wawili wanaweza kupita kwa wakati mmoja. Mtu wa Kongo atashawishika kusema lori likupishe kwa sababu uko kulia kwake, lakini hapa barabara inayoishia hupisha kwanza.

Ongeza jambo moja unapomweleza mtahini: usitoke kwa sababu tu pikipiki imewasha indiketa. Indiketa huenda ilisahauliwa ikiwaka tangu kona iliyopita. Subiri uione imeanza kupinda, na lori limeshapita, ndipo utoke.