Ndoo Moja Haitoshi: Hesabu ya Rangi ya Kuzuia Maji Bafuni

Bafu la ghorofani linapovuja, doa kwenye dari ya chumba cha chini mara nyingi huanza sambamba na ukuta, au pale bomba linapotoboa slabu. Mara chache huanza katikati. Maji hupita kwenye maungio: sakafu inapokutana na ukuta, kando ya tundu la kutolea maji, na chini ya mlango. Marumaru zenyewe hazipitishi maji, lakini grauti iliyo kati yake hupitisha kidogo kidogo kila mtu anapooga. Kwa hiyo kinachozuia maji ni tabaka lililo chini ya marumaru, ambalo likishafunikwa hakuna atakayeliona tena.

Hapo ndipo hesabu inapokosewa. Mwenye nyumba humuuliza fundi zinatakiwa ndoo ngapi, naye fundi hutupa jicho sakafuni na kusema, "Bosi, ndoo moja inatosha kabisa." Amepima sakafu. Hakupima kuta.

Tuchukue bafu la kawaida la ghorofa ya kwanza jijini Dar es Salaam, lenye urefu wa mita 2.4 na upana wa mita 1.8. Sakafu ni 2.4 × 1.8, yaani mita za mraba 4.32. Sasa tuzunguke kuta. Mzunguko wote ni mita 8.4, tukitoa mlango wa mita 0.8 zinabaki 7.6. Rangi lazima ipandishwe ukutani pande zote, na hapa tutaipandisha sentimita 30. Hiyo ni 7.6 × 0.3, sawa na mita za mraba 2.28.

Kimo hicho kina mtego wake. Kinachohitajika ni rangi ibaki juu ya marumaru zilizokwisha kupangwa, angalau sentimita 15. Kama rangi inapigwa juu ya slabu, kisha inakuja zege nyepesi ya kutengeneza mteremko, gundi na marumaru, sentimita 6 au 7 zinaweza kumezwa. Fundi aliyepandisha sentimita 15 tangu kwenye slabu atabaki na 8 tu, na ndoo ya maji ikimwagika kwa nguvu inazivuka.

Kwenye kona ya kuogea maji hupiga ukuta moja kwa moja, kwa hiyo kuta mbili za kona hiyo, kila moja sentimita 90, hupakwa hadi mita 2. Sentimita 30 za chini tumekwisha kuzihesabu, hivyo tunaongeza 1.8 × 1.7, yaani mita za mraba 3.06. Mlangoni rangi isiishie ndani ya fremu. Ivuke kizingiti sentimita 20 hivi, la sivyo maji yatajipenyeza chini ya sakafu hadi chumbani. Hapo ni 0.16. Jumla yote ni mita za mraba 9.82. Ile sakafu aliyoitazama fundi haifiki nusu ya kazi.

Sasa tusome ndoo. Tuseme imeandikwa kilo 1 kwa mita ya mraba kwa mkono mmoja. Soma maneno hayo ya mwisho mara mbili, kwa sababu ndoo nyingine huandika kiasi cha mikono yote miwili kwa pamoja, na anayechanganya hayo mawili hununua nusu au maradufu. Kwa ndoo yetu, mikono miwili ni 9.82 × 2, yaani kilo 19.64. Ndoo ya kilo 20 inaelekea kutosha, ila bado hatujafika kwenye kona.

Kona haziachiwi rangi peke yake. Slabu na ukuta hucheza kila kimoja kivyake, na rangi ngumu iliyolazwa juu ya maungio hayo hupasuka mstari mwembamba kama unywele. Kwa hiyo kwanza hupakwa rangi kwenye kona, kisha utepe wa kitambaa cha nyuzi hulazwa ungali mbichi, nusu sakafuni na nusu ukutani, ukakandamizwa kwa brashi mpaka rangi ijitokeze juu yake. Baada ya hapo ndipo mikono miwili ya kawaida hupita juu. Mstari wa sakafu na ukuta ni mita 7.6. Kona tatu za wima ni sentimita 30 kila moja, na ile ya kuogea ni mita 2. Zote nne ni mita 2.9. Jumla mita 10.5. Utepe wa upana wa sentimita 12 unakula rangi ya ziada ya kilo 1.26 hivi.

Utepe nao una hesabu yake. Vipande havigusanishwi ncha kwa ncha. Kimoja hupanda juu ya kingine sentimita 5 hadi 10, kwa sababu ncha zilizogusana tu zitaachana siku jengo litakaposogea. Maungio manane ya sentimita 10 yanaongeza mita 0.8, tukafika 11.3. Rola ya mita 10 itaishia kona ya mwisho, na kona ya mwisho ndiyo fundi atakayoimalizia kwa rangi tupu.

Anayetumia karatasi za lami badala ya rangi hupoteza zaidi kwenye kupandana. Rola ya upana wa mita 1, ikipanda sentimita 10 juu ya mwenzake, hufunika sentimita 90 tu za nyongeza. Rola mbili zinafunika mita 1.9: kwa bafu letu la mita 1.8 zinatosha sakafu na kubakisha sentimita 5 kila upande, ambazo hazitoshi kupanda ukutani, hivyo ukuta hukatiwa vipande vyake. Bafu la mita 2 lingedai rola ya tatu kwa ajili ya sentimita 10.

Turudi kwenye rangi. Kilo 19.64 na 1.26 ni 20.9, ongeza asilimia 10 ya inayobaki kwenye brashi, kwenye ndoo na kwenye plasta yenye vinyweleo, unapata karibu kilo 23. Nunua ndoo ya 20 na kopo la 5.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayomkagua fundi. Baada ya utepe na mkono wa kwanza, kiasi kilichotumika kinapaswa kukaribia kilo 11 au 12. Kama ndoo bado imejaa zaidi ya nusu, rangi imevutwa nyembamba au imetiwa maji, na mkono wa pili hautaiponya. Mkono wa pili hupigwa ukikatiza wa kwanza, baada ya ule wa kwanza kukauka. Wakati wa masika, hewa ikiwa nzito kwa unyevu, hilo huchelewa kuliko ndoo inavyosema.

Rangi ikishakomaa kwa siku zilizoandikwa, ziba tundu la maji, jenga ukingo mdogo mlangoni, jaza maji sentimita 3 na uweke alama ya penseli ukutani. Yaache saa 24. Kushuka milimita chache ni mvuke. Yakishuka zaidi huku dari ya chini ikiwa kavu, kagua kwanza kizibo chako kabla ya kumlaumu fundi. Doa likitokea dari ya chini, tafuta kwanza kando ya tundu na mabomba, maana hapo rangi huishia ukingoni badala ya kuingia ndani ya mdomo wa tundu.

Zile kilo 2 zitakazobaki zifungwe vizuri na kuhifadhiwa. Fundi bomba atakuja baadaye kutoboa ukuta wa kuogea afunge kishikio, na kila tundu la skrubu litahitaji kujazwa rangi kabla skrubu haijaingia.