Seva Nzito: Anayechelewesha ni Diski au Prosesa?

Ilikuwa tarehe 30, siku ambayo wanachama wa ushirika wa akiba na mikopo hujaa dirishani. Seva yao, mashine ya Linux yenye prosesa ya viini vinne na diski moja ya kuzunguka, ilikuwa inachukua nusu dakika kufungua akaunti moja. Karani mmoja aliniambia, "Fundi, prosesa imezeeka. Tumeshaomba bei ya mpya." Amri ya `uptime` ilionekana kumuunga mkono, kwa kuwa mzigo ulikuwa umefika 12 kwenye viini vinne. Lakini Linux, inapohesabu mzigo huo, huwajumlisha wanaofanya kazi pamoja na waliokwama wakingoja diski. Namba 12 inakuambia kuna msongamano. Haikuambii uko wapi.

Chombo cha kuutafuta ni `iostat`, kinachokuja na kifurushi cha `sysstat`. Niliandika hivi:

```
iostat -xz 2
```

Herufi `x` inaomba maelezo marefu, `z` inaficha diski zisizofanya kazi, na 2 ni idadi ya sekunde kati ya ripoti moja na nyingine. Ripoti ya kwanza iache ipite. Hiyo ni wastani wa tangu seva ilipowashwa, na kama iliwashwa miezi mitatu iliyopita, tatizo la asubuhi hii halitaonekana ndani yake. Soma kuanzia ya pili. Hii hapa yetu, nikiwa nimebakiza safu tunazozihitaji tu:

```
%user %system %iowait %steal %idle
 6.20    3.10   41.50   0.00 49.20

Device   r/s r_await   w/s w_await aqu-sz %util
sda    92.00   78.30 38.00   95.40  10.83 99.60
```

Juu ni habari za prosesa. Programu za watumiaji zinakula asilimia 6, mfumo wenyewe asilimia 3. Prosesa inayodaiwa kuzeeka haifanyi hata sehemu ya kumi ya kazi inayoiweza. Kisha kuna `%iowait`, asilimia 41.5, na hapa ndipo wengi hupotea njia.

Fikiria kibanda cha mafundi cherehani wanne wenye kijana mmoja wa kutumwa dukani. Fundi aliyeishiwa uzi anamtuma kijana, kisha anakaa mikono mitupu. Muda huo wa kukaa ndio `iowait`: prosesa haina la kufanya, na kuna ombi la diski ambalo halijarudi. Kwa hiyo `iowait` ni aina ya muda wa kupumzika. Inapima fundi anavyokaa, na haimpimi kijana mwendo wake.

Tofauti hiyo niliiona kwa macho asubuhi ileile. Nikiwa bado natazama, mtu wa ofisini alianzisha programu ya kubana nakala rudufu iliyokuwa kwenye diski nyingine, nayo ikashika viini vyote vinne. Ghafla `%iowait` ikaanguka hadi 0.40, na `%user` ikapanda hadi 91. Mtu anayesoma safu hiyo peke yake angesema diski imepona na sasa prosesa ndiyo inayoumwa. Lakini dirishani wanachama walikuwa wanangoja vilevile, na `r_await` ilikuwa imebaki karibu na milisekunde 80. Mafundi walikuwa wamepewa vitambaa vingine vya kukata, hakuna tena aliyekaa bure. Kijana aliyetumwa uzi alikuwa bado hajarudi.

Ndiyo maana namba ninayoiamini ni `await`. Hiyo hupima muda wa ombi moja tangu linapoingia foleni ya diski hadi linapojibiwa, kwa milisekunde, na haijali prosesa ina shughuli au haina. Diski ya mizunguko 7200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.33. Ongeza muda wa kichwa chake kusogea, na ombi moja lililotawanyika huchukua takriban milisekunde 10 hadi 15. Yetu ilikuwa 78. Sehemu kubwa ya muda huo ilikuwa foleni tu, na `aqu-sz` inathibitisha: kwa wastani maombi karibu 11 yalikuwa kwenye diski kwa wakati mmoja. Kwa diski ya SSD kipimo ni kingine kabisa. Huko nategemea jibu chini ya milisekunde 1, na nikiona 20 naanza kuuliza maswali.

Kati ya kusoma na kuandika, natazama zaidi `r_await`. Programu inayosoma hukaa ikingoja data hiyo, wakati maandishi mengi huwekwa kwanza kwenye kumbukumbu na kupelekwa diskini baadaye kwa mafungu, hivyo `w_await` inaweza kupanda bila mtu kuumia. Na `%util` isikutishe haraka. Inaeleza ni sehemu gani ya muda diski ilikuwa na angalau ombi moja mkononi. Kwa diski ya kuzunguka, 99.60 maana yake imeshiba. SSD huhudumia maombi mengi kwa pamoja, kwa hiyo inaweza kuonyesha 100 na bado ikawa na nafasi tele.

Ilibaki kujua nani anayeituma diski. `pidstat -d 2`, ya kifurushi hichohicho, ilionyesha karibu usomaji wote unatoka kwenye hifadhidata. Jedwali la risiti halikuwa na faharasa kwenye safu ya tarehe, kwa hiyo kila akaunti iliyofunguliwa ilisababisha jedwali zima lipekuliwe, nalo lilikuwa limeshakua kupita kumbukumbu ya mashine. Tuliongeza faharasa jioni baada ya dirisha kufungwa. Kesho yake `r/s` ilikuwa 7 na `r_await` 11, na akaunti ilifunguka papo hapo.

Kama kweli ingekuwa prosesa, ripoti ingesomeka kinyume: `%idle` karibu na sifuri, `%user` na `%system` zikijaza nafasi, na `await` ikiwa ya kawaida. Ila kuna kesi moja inayojificha. Programu inayoweza kutumia kiini kimoja tu ikikishiba kiini hicho, kwenye mashine ya viini vinne utaona `%user` ya 25 na `%idle` ya 75, na utadhani prosesa imelala. Ukiona diski iko salama, prosesa inaonekana tupu, na bado seva ni nzito, andika `mpstat -P ALL 2` uone kila kiini peke yake. Na kwenye seva ya kukodi itazame `%steal`. Ikiwa juu, mashine yako inanyimwa zamu na mashine nyingine zilizo kwenye kompyuta hiyohiyo, na hilo hutalitatua ukiwa ndani ya seva yako.

Basi siku seva yako itakapolemewa, usiiwashe upya kwanza. Iendeshe `iostat` kwa dakika moja wakati watu bado wanalalamika na uhifadhi ripoti zake kwenye faili, kwa sababu ukishazima na kuwasha, foleni uliyokuwa unaitafuta haipo tena.