Kigawo si Jibu

Mwaka 1980, Spector na Mazzeo walichapisha utafiti mdogo ambao hadi leo unatumika kufundishia takwimu. Wanafunzi 32 wa uchumi nchini Marekani walifuatiliwa, 14 kati yao wakiwa wamefundishwa kwa njia mpya iitwayo PSI, ambamo kila mmoja huenda kwa kasi yake. Swali lilikuwa la ndiyo au hapana: je, mwanafunzi alipanda daraja katika somo lililofuata? Waliopanda walikuwa 11.

Takwimu hizo zikipitishwa kwenye modeli ya logiti, kigawo cha PSI ni 2.38. Kwenye probiti ni 1.43. Ukizisoma hivyo zilivyo, utadhani logiti imeona faida kubwa zaidi, na hapo ndipo ripoti nyingi zinapopotoka. Kila modeli hujumlisha sifa za mwanafunzi kuwa alama moja, kwa kipimo chake yenyewe, kisha huipitisha kwenye mkunjo wenye umbo la S ili ipatikane nafasi ya kufaulu, kati ya 0 na 1. Vipimo ni tofauti, kwa hiyo vigawo havilinganishiki. Alama ya kujumlisha au kutoa inakuonyesha mwelekeo tu, haikuambii ukubwa.

Cha kuuliza ni nafasi yenyewe inabadilika kiasi gani. Mchukue mwanafunzi mwenye ufaulu wa wastani, yaani GPA ya takriban 3.1. Bila PSI, logiti inampa nafasi ya asilimia 11. Akiwa nayo, asilimia 56. Probiti inasema 11 na 57. Modeli zilizoonekana kugombana sasa zinasema jambo lilelile: ongezeko la pointi 46 hivi za asilimia.

Lakini ongezeko hilo si la kila mtu. Mwenye GPA ya 2.0, mambo mengine yakibaki kwenye wastani, anatoka nusu ya asilimia 1 hadi 5 tu katika logiti. Mwenye 4.0 anatoka 59 hadi 94. Kigawo ni kilekile 2.38, ila mkunjo ni mkali katikati na umelala kwenye ncha zake.

Ndiyo maana lazima useme athari uliyoripoti ni ya nani. Ile ya GPA, ikikokotolewa kwa mwanafunzi wa wastani, ni 0.53, ikikokotolewa kwa kila mwanafunzi kisha ukatafuta wastani wake, ni 0.36. Mimi naipendelea ya pili, kwa sababu mwanafunzi wa wastani mwenye "PSI 0.44" hayupo darasani: mtu ama alifundishwa hivyo, ama hakufundishwa. Katika Stata:

```
logit grade gpa tuce i.psi
margins, dydx(*)
```

Usiisahau ile `i.` kabla ya `psi`. Bila hiyo, programu huichukulia PSI kama kitu kinachopanda kidogokidogo, na hutoa mteremko wa mkunjo badala ya tofauti kati ya kuwa nayo na kutokuwa nayo. Kisha tazama pia kosa sanifu la kila athari. Kwa watu 32, huwa pana.